Misimbo ya Authenticator inakataliwa kila mara: anza na saa ya simu

Umeandika nywila, imekubaliwa. Ukurasa unakuomba zile tarakimu sita. Unafungua Google Authenticator, au programu nyingine ya aina hiyo, unaisoma namba na kuiandika kabla haijabadilika, kisha unaambiwa si sahihi. Unasubiri inayofuata, nayo inakataliwa. Akaunti ni yako, simu ni yako, na programu hujaigusa tangu siku ulipoiweka.

Hali hii ikikukuta, cha kwanza kukishuku ni saa ya simu. Kabla ya kuikagua, kuna mambo mawili nakuomba usiyafanye. Usiifute programu ukidhani utaiweka upya ipone, kwa sababu funguo za siri za akaunti zako zimo ndani yake, na kama hazikuhifadhiwa mahali pengine zitaondoka nayo. Hapo tatizo la dakika tano linageuka kuwa la wiki kadhaa za kubishana na watoa huduma kwamba wewe ni wewe. La pili, usiendelee kujaribu namba baada ya namba. Seva nyingi hufunga mlango kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa, na mlango ukishafungwa hata namba sahihi inakataliwa. Ukija kurekebisha saa katikati ya kifungo hicho, utadhani marekebisho hayajasaidia.

Ni akaunti moja au ni zote?

Watu wengi wana akaunti zaidi ya moja ndani ya programu hiyo: barua pepe, mtandao wa kijamii, pengine mfumo wa kazini. Jaribu akaunti nyingine. Kama hiyo inakubaliwa na moja tu ndiyo inayogoma, saa ya simu haina kosa, kwa sababu kila akaunti ina ufunguo wake lakini zote zinasoma saa ile ile. Ruka hadi mwisho wa makala, panapozungumzia ufunguo wa zamani. Lakini kama zote zinakataliwa, na zamani zilikuwa zikikubaliwa, karibu hakuna maelezo mengine zaidi ya saa.

Jaribu hili ukiwa kwenye kifaa ambacho akaunti bado iko wazi. Usitoke kwenye akaunti inayofanya kazi ili kupima kama utaweza kurudi. Wapo waliofungiwa nje ya akaunti ya pili kwa njia hiyo hiyo.

Saa inaingiaje kwenye namba

Programu hii haiwasiliani na seva inapokuonyesha namba. Siku ulipoielekeza kamera kwenye mraba wa QR, simu na seva ziligawana ufunguo mmoja wa siri, na mazungumzo yao yakaishia hapo. Tangu siku hiyo kila upande unapiga hesabu kivyake. Unachukua sekunde zote zilizopita tangu mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, ile saa moja ya dunia ambayo saa za maeneo yote hupimwa kutoka kwake, unazigawa kwa 30, unatupa desimali, na namba nzima inayobaki inachanganywa na ufunguo wa siri hadi zitoke tarakimu sita. Utaratibu huu unaitwa TOTP, na umeandikwa katika waraka wa RFC 6238 wa mwaka 2011. Ndiyo sababu programu inafanya kazi hata simu ikiwa haina intaneti wala laini. Na ndiyo sababu pia haina namna ya kujua kwamba saa inayoitegemea imepotoka.

Tuchukue mfano wenye namba. Mjini Nairobi ilipofika saa tisa kamili usiku wa kuamkia 1 Januari 2025, London ilikuwa ndiyo saa sita usiku, na hesabu ya sekunde tangu 1970 ilikuwa 1735689600. Igawe kwa 30 unapata 57856320. Hiyo ndiyo hatua ambayo seva ilikuwa nayo. Kwa kuwa watu wanachelewa kuandika, seva nyingi hukubali pia hatua moja nyuma na moja mbele, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa 57856319, 57856320 na 57856321. Simu iliyochelewa kwa dakika moja na nusu na kidogo, tuseme sekunde 95, iliamini kwamba sekunde ni 1735689505. Gawa kwa 30 unapata hatua ya 57856316. Ufunguo ulikuwa sahihi, programu ilikuwa nzima, lakini namba iliyotoka ilikuwa ya hatua ambayo seva ilikwisha kuifunga.

Angalia jambo moja katika hesabu hii: hakuna mahali palipotajwa Nairobi, Dar es Salaam wala Dubai. Saa za eneo hazimo kabisa. Kinachohesabiwa ni sekunde za ndani za simu, zile za UTC, na saa unayoiona kwenye kioo ni sekunde hizo baada ya kuongezewa au kupunguziwa masaa ya eneo. Shikilia hilo, maana kesi ngumu kuliko zote inatoka hapo.

Dalili inakuonyesha ukubwa wa kosa

Saa ikikosea kwa sekunde chache, hutaona chochote. Ile hatua moja ya ziada pande zote mbili inafidia. Kosa likiwa kati ya sekunde 30 na 60, namba inakubaliwa mara moja moja. Chukua simu iliyochelewa kwa sekunde 45. Kuna nyakati inakuwa hatua moja nyuma ya seva, na kuna nyakati inakuwa mbili, kutegemea uko wapi ndani ya nusu dakika ya seva. Ya kwanza inapita, ya pili inagoma. Mtumiaji anajifunza tu kwamba akirudia mara mbili tatu itakubali, anaishi hivyo kwa majuma, hadi siku inapoacha kukubali kabisa kwa sababu saa imeendelea kuchelewa. Ukiona dalili hii ya kukubali na kukataa, usingoje, irekebishe saa mapema ungali unaweza kuingia.

Kosa likizidi dakika moja na kitu, zote zinakataliwa. Likifika wiki kadhaa au miezi, simu yenyewe inaanza kulalamika: kivinjari kinaonyesha `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` kwenye tovuti nyingi, na WhatsApp inakwambia tarehe ya simu si sahihi. Makosa hayo makubwa ni rahisi, kwa sababu yanaonekana. Yanayosumbua ni yale ya katikati, dakika mbili hadi masaa kadhaa, ambapo tovuti zote zinafunguka, ujumbe unaingia, na ni misimbo peke yake inayokataliwa.

Saa inayoonekana sahihi huku ndani imekosea

Kesi hii ninakutana nayo kwa watu wa mipakani na kwa wasafiri, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mama mmoja wa Tunduma, anayefanya kazi ya uwakala wa forodha, alileta simu yake akisema misimbo yote inakataliwa tangu asubuhi. Nilipotaja saa, akanionyesha kioo.

"Fundi, saa si hii hapa? Saa nane na dakika ishirini, na ya ukutani inasema hivyo hivyo."

"Kweli, mama, zinalingana. Sasa tuiulize simu, Nairobi ni saa ngapi."

Tulifungua programu ya saa, sehemu ya saa za dunia iliyoandikwa `World clock`, tukaongeza Nairobi. Tanzania na Kenya ziko kwenye saa zile zile, UTC+3, kwa hiyo jibu lilipaswa kuwa 14:20. Simu ikaandika 15:20.

Hapo ugonjwa ukajulikana. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma ni Nakonde, na Zambia iko UTC+2, saa moja nyuma yetu. Simu ikidaka mtandao wa ng'ambo, inajirudisha saa moja. Mama alikuwa amechoshwa na hilo: anaamka, simu inamwambia saa kumi na moja wakati ni saa kumi na mbili. Akaingia kwenye mipangilio, akazima swichi ya saa ya moja kwa moja, akasogeza mshale saa moja mbele kwa mkono. Kioo kikasoma vizuri. Lakini saa za eneo zilikuwa bado za Zambia. Simu ikaelewa hivi: mwenye simu anasema ni 14:20 kwa UTC+2, basi UTC ni 12:20. Ukweli ni kwamba UTC ilikuwa 11:20. Simu ikawa mbele kwa sekunde 3600, na ukizigawa kwa 30 unapata hatua 120. Namba aliyokuwa akiiandika saa nane na dakika ishirini ni ile ambayo seva ingeikubali saa tisa na dakika ishirini.

Kilichokuwa kimemchanganya zaidi ni kwamba siku mbili kabla yake misimbo ilikubaliwa. Hilo nalo lina maelezo. Alizima swichi ya saa tu, ile ya saa za eneo akaiacha imewaka. Kila simu iliporudi kwenye mnara wa Tanzania, eneo lilirudi UTC+3 na kioo kikaruka saa moja mbele, naye akakirudisha kwa mkono. Kwa kukirudisha, sekunde za ndani zikawa sahihi bila yeye kujua. Simu ilipodaka ng'ambo tena, akasogeza tena mbele, zikaharibika. Misimbo ilikuwa ikifuata mnara ambao simu ilikuwa imeushika mara ya mwisho alipogusa saa.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili la saa za dunia kabla ya lingine lolote. Ongeza Nairobi kama uko Tanzania, Kenya au Uganda. Ikitofautiana na saa halisi ya hapo ulipo, saa ya ndani imekosea, hata kama kioo cha mbele kinalingana na ya ukutani. Ukiwa Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, Nairobi inapaswa kuwa mbele yako kwa saa moja. Ukiwa Muscat au Dubai, nyuma kwa saa moja. Jaribio hili linanasa makosa ya masaa. Kwa makosa ya sekunde na dakika, fungua time.is kwenye kivinjari cha simu ile ile. Inalinganisha saa ya simu na yake na kukuandikia imepishana kwa kiasi gani.

Tiba ya mama yule ilikuwa kuzigeuza zile swichi mbili. Kwenye Android fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `Date & time`. Kwenye Samsung njia ni `Settings`, `General management`, `Date and time`. Utakuta swichi ya kuweka saa moja kwa moja, kwa kawaida imeandikwa `Set time automatically`, na chini yake nyingine ya saa za eneo, `Set time zone automatically`. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, na kwenye nyingine zote mbili zimeunganishwa kuwa swichi moja. Ya kwanza iwashe na isizimwe tena. Kama uko mpakani na eneo linarukaruka, zima hiyo ya pili peke yake, kisha chagua eneo lako kwa mkono: Dar es Salaam au Nairobi, GMT+3. Kuanzia hapo sekunde zinatoka mtandaoni, eneo limekaa, na kioo hakiruki hata ukidaka mnara wa nchi jirani.

Kwenye iPhone fungua `Settings`, `General`, `Date & Time`, na uwashe `Set Automatically`. Hapo swichi ni moja. Ukilazimika kuizima kwa sababu ya mpaka, gusa `Time Zone` peke yake uchague mji sahihi. Saa itajisogeza yenyewe. Mstari wa tarehe na saa usiuguse.

Huhitaji kuwasha simu upya wala kuskani QR tena. Sekunde zikishakaa sawa, namba inayofuata inatoka sahihi. Mama yule alingoja namba ibadilike, akaiandika, akaingia.

Mtu aliyerudi Zanzibar kutoka Muscat naye anaweza kuangukia shimo hilo hilo upande wa pili. Simu iko kwenye UTC+4, saa ya moja kwa moja imezimwa, anaona kioo kiko mbele, anakirudisha saa moja kwa mkono. Sasa simu inaamini UTC iko saa moja nyuma ya ukweli. Kioo ni sahihi, sekunde za ndani zimechelewa kwa 3600.

Simu iliyolala kabatini

Wengine huweka programu hii kwenye simu ya akiba isiyo na laini, iliyofungwa kabatini ofisini. Kwa usalama ni wazo zuri, lakini saa ya simu isiyogusa mtandao inateleza polepole. Ndani yake kuna fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kosa la sehemu 20 katika milioni ni la kawaida kwa fuwele za bei hiyo. Kosa hilo ni sekunde 1.7 kwa siku. Mwezi mmoja linafika kama sekunde 50, na hapo ndipo misimbo inaanza kukubaliwa mara moja moja. Mwezi wa pili inagoma kabisa. Joto nalo huongeza: fuwele hizo huchelewa zikitoka kwenye nyuzi joto 25, kwa hiyo simu iliyo kwenye droo ya chumba chenye joto kali huchelewa zaidi ya iliyo mahali pa baridi ya wastani.

Iunganishe simu hiyo na Wi-Fi swichi ya saa ikiwa imewashwa, iache dakika chache, saa itajirekebisha. Mara moja kila wiki mbili inatosha.

Kama haiwezi kuguswa na mtandao wowote, weka saa kwa mkono, lakini kuna kitu kidogo hapa kinachoangusha wengi. Android ukiiwekea saa kwa mkono inakuuliza saa na dakika tu, na sekunde inazianzia sifuri pale unapobonyeza kukubali. Ukichagua 14:21 ukabonyeza wakati saa halisi ni 14:21:40, umejitengenezea kosa la sekunde 40 hapo hapo. Chagua dakika inayokuja, tazama saa ya uhakika kwenye kifaa kingine, na ubonyeze wakati ule ule dakika inapoanza.

Swichi imewashwa na bado saa si sahihi

Mara chache mtandao wa simu wenyewe hutuma saa isiyo sahihi, au hautumi kabisa, na simu inabaki na ya zamani. Utaijua kwa kuwa simu nyingine yenye laini ya mtandao huo, mahali hapo hapo, nayo imekosea kwa kiasi kile kile. Washa hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake, uzime na kuwasha tena swichi ya saa ili ichukue kutoka intaneti. Ikigoma, toa laini ujaribu tena. Ikigoma bado, weka kwa mkono kama nilivyoeleza, na eneo likiwa sahihi kwanza.

Betri iliyokufa kabisa kwa muda mrefu inaweza kurudisha simu kwenye tarehe ya zamani sana. Iunganishe na mtandao kabla ya kuhangaika na misimbo. Watoto wanaosogeza tarehe mbele ili mchezo uwaongezee nafasi za kucheza huacha simu siku kadhaa mbele. Na mtu anayetaka kioo kisomeke kwa hesabu yetu, yaani 3:00 pale ambapo simu zinasema 9:00, akisogeza mshale kwa mkono ameitoa simu masaa sita nje ya ukweli, hatua 720. Hakuna seva itakayomkubali.

Simu ni sahihi sasa, ila kwenye programu kumebaki kitu

Matoleo ya zamani ya Google Authenticator kwenye Android yana mahali palipoandikwa `Time correction for codes`, na ndani yake `Sync now`. Ukibonyeza, programu inauliza saa ya Google, inaona tofauti yake na ya simu, na kuihifadhi ili iijumlishe kila inapopiga hesabu. Saa ya simu haiguswi. Ni msaada mzuri kwa mtu aliyekwama, lakini unaacha mtego. Ukibonyeza leo simu ikiwa mbele saa moja, programu inakumbuka "punguza saa moja". Kesho ukirekebisha saa ya simu, programu inaendelea kupunguza, na sasa iko nyuma saa moja. Kwa hiyo kama umewahi kutumia kitufe hicho, kibonyeze tena baada ya kurekebisha simu. Kama toleo lako halina, usikitafute. Saa ya simu ikiwa sawa inatosha.

Umefungiwa nje na unahitaji kuingia sasa hivi

Google humpa mtu misimbo kumi ya akiba, kila mmoja una tarakimu nane na unatumika mara moja. Huduma nyingine nyingi hutoa orodha ya namna hiyo. Misimbo hiyo haihusiani na saa, kwa hiyo inafanya kazi hata simu ikisema ni mwaka juzi. Kama uliichapisha au kuiandika mahali, huu ndio wakati wake.

Kama huna, na kwa sababu yoyote huwezi kurekebisha saa, jua kwanza imekosea upande gani. Simu iliyo mbele inakuonyesha namba za baadaye, na namba ya baadaye itafika zamu yake. Tuseme time.is inakwambia simu iko mbele dakika mbili. Iandike namba kwenye karatasi mara tu inapotokea, subiri dakika mbili, kisha iingize kwenye ukurasa. Itakubaliwa. Simu iliyo nyuma haina ujanja huo, kwa sababu namba zake zimekwisha pita na kusubiri kunazidi kuzizeesha. Hapo ni kurekebisha saa tu.

Hii pia inaeleza jambo ambalo watu hulisema bila kulielewa, kwamba "ukiandika polepole inakubali". Mwenye simu iliyo mbele kidogo hufaidika akichelewa. Mwenye iliyo nyuma lazima aharakishe.

Saa imethibitika kuwa sahihi na bado inakataa

Time.is inasema saa iko sawa, Nairobi inasomeka vizuri, kifungo cha seva kimeisha, na akaunti moja bado inagoma. Sasa angalia ufunguo. Sababu niionayo zaidi ni mtu aliyewahi kuwasha upya uthibitisho kwenye akaunti hiyo. Kila QR mpya huleta ufunguo mpya na kuua wa zamani, lakini mstari wa zamani unabaki kwenye programu. Unakuta mistari miwili yenye jina lile lile, na yeye anasoma wa juu ambao umekufa. Jaribu wa chini. Ukikubaliwa, badilisha jina la ule wa zamani kwanza, uuache siku kadhaa, ndipo uufute.

Kama una vifaa viwili vyenye akaunti ile ile, viweke ubavu kwa ubavu. Vikionyesha namba moja na zote zinakataliwa, ufunguo au seva ndiyo ya kushukiwa. Vikionyesha namba tofauti huku ufunguo ukiwa mmoja, saa ya kimojawapo imekosea.

Limebaki la seva. Kwa huduma kubwa za dunia, usilifikirie. Lakini kama ni mfumo wa ofisi, na wafanyakazi wote wameanza kukataliwa asubuhi moja, simu zao haziwezi kuwa zimekosea zote pamoja. Msimamizi aingie kwenye seva na kuangalia:

```
timedatectl
date +%s
```

Mstari wa kutazama ni `System clock synchronized`. Ukisema `no`, seva haipati saa kutoka popote. Huwa hivyo baada ya kuhamishiwa mtandao uliofungwa usioruhusu UDP kwenye mlango wa 123, ambao NTP huutumia, au baada ya mashine pepe kurudishwa kutoka kwenye nakala iliyosimamishwa. Kuwasha usawazishaji ni amri moja:

```
sudo timedatectl set-ntp true
```

Kwa seva zinazotumia moduli ya Google ya PAM kulinda SSH, usanidi wake humuuliza msimamizi kama anataka kupanua dirisha kutoka misimbo 3 hadi 17, yaani minane nyuma na minane mbele, ambayo inavumilia kosa la kama dakika nne. Nawashauri wasikubali kwa kuwaonea huruma wenye simu zilizochelewa. Dirisha pana linamwongezea anayebahatisha nafasi karibu mara sita, na bado halimsaidii mama wa Tunduma ambaye kosa lake ni saa nzima.